Karatasi Iliyobandikwa kwenye Mlango wa Depo

Bambo liliingia kwenye gunia bila sauti. Hapo ndipo nilipojua.

Bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji ndani, wanunuzi wa nafaka hukichoma kwenye gunia ili punje zitoke kidogo wazione. Likiingia kwenye mahindi makavu hulia, kama mtu anayetembea juu ya kokoto. Nimesikia mlio ule maisha yangu yote, kule kwetu Kivu ya Kusini na huku kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Siku ile, nilipolipenyeza hadi safu ya pili, halikulia. Liliingia laini mpaka kwenye kiganja changu, na nilipolichomoa, mferejini mlikuwa na pumba na vumbi la mbao, lenye rangi ya kitu kilichokwisha kufa.

Afisa wa ushirika aliyekuja kutoka wilayani akasema nichome lingine. Nikachoma. Pumba. Tukaondoa safu ya mbele, ile yenye mahindi ya kweli, tukaingia ndani zaidi, na magunia yalikuwa yamepangwa vizuri mpaka darini, yameshonwa vizuri, yote mepesi. Mtu mmoja alilinyanyua gunia kwa mkono mmoja akabaki amelishika hivyo, kama mtu aliyenyanyua maiti ya mtoto akakuta ni nguo tupu. Nje walikuwa wamejaa wanachama, lakini hakuna aliyepiga kelele. Niliwahi kusikia kimya cha namna ile mara moja tu, asubuhi moja kijijini kwetu, na siku ile tulikimbia.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, ndiye tumekimbia naye tangu kule, alikuwa amesimama mlangoni na gunia lake tupu amelikunja chini ya kwapa. Alikuja kuchukua mahindi yake ya kula na ya kupanda. Akainama, akaokota zile pumba kiganjani, akazinusa.

"Yangu ilikuwa ya njano," akasema. "Hii haiko yangu."

Aliyasema polepole, kama mtu anayemwambia mwuzaji kwamba amekosea kumpa ya mwenzake. Nikatazama pembeni.

Sasa nieleze tulifikaje pale. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, na darasa hilo lilifungwa na vita. Naandika kama ninavyosema.

Sisi ni ushirika wa wakulima hapa Kashojwa, karibu na Base Camp. Wakongomani tumo, Warundi wamo, na wengine. Baada ya mavuno kila mtu anapeleka mahindi yake depo. Yanapimwa, yanaandikwa, anapewa karatasi yake. Wakati wa njaa, kabla ya mvua ya kupanda, unakwenda na karatasi, unachukua ya kula na ya mbegu. Ziada inauzwa kwa pamoja. Tangu msaada wa chakula upunguzwe, depo ndilo lililokuwa tumbo letu. Mtu anaweza kulala na njaa kama anajua depo limejaa. Asipojua, hata ameshiba halali.

Waliokuwa na depo mkononi ni watatu. Prezida wa komite, ambaye alivaa koti hata jua likiwa kali. Meneja, kijana aliyeajiriwa kwa sababu anajua kompyuta. Na mtunza depo, mwenye funguo. Nawataja kwa kazi zao, maana kila mtu wa Kashojwa akisoma hapa atawaona nyuso zao.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya uangalizi. Kazi yake ni kuwaangalia wale wengine. Tulichaguliwa watatu. Mmoja alihamia kambi nyingine, mwingine aliugua, nikabaki mimi. Tulipochaguliwa aliletwa mwalimu kutoka Mbarara kutufundisha, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliyezoea kufundisha kamati kama zetu. Sehemu moja alitufundisha ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Alibandika ripoti ya mfano ukutani na akatuonyesha viungo vyake.

"Juu kabisa inasema inamwandikia nani," akasema. "Inawaandikia ninyi wanachama, siyo meneja. Halafu kuna maoni. Hapo mkaguzi anasema hesabu zinaonyesha hali ya kweli, au hazionyeshi, au zinaonyesha isipokuwa jambo fulani. Chini ya maoni lazima kuwe na msingi wa maoni. Anaeleza alikagua kwa kufuata viwango gani, kwamba yeye si mtu wa ndani ya ushirika wala hana upande, na kwamba ushahidi alioupata unatosha. Na kama ana shida na jambo, ni hapo hapo anaieleza. Chini tena kuna majukumu. Uongozi unawajibika kwa nini, mkaguzi anawajibika kwa nini. Halafu saini, mahali, tarehe."

Mrundi mmoja akamwuliza, "Mama, na kama msingi haumo?"

"Basi unamsikia mtu anasema 'hapana wasiwasi' na hujui amesimama wapi anaposema hivyo," akajibu.

Alitufanya tuvinakili vichwa vile vya habari kwa Kiingereza, kwa mkono, mara nyingi, ili tuvitambue hata kama hatujui kusoma yaliyo chini yake. Mimi navitambua kama ninavyotambua alama za ng'ombe.

Sasa desturi yetu ya mkutano mkuu. Mkutano wetu unatafsiriwa. Neno likitoka linapita Kiswahili, linapita Kirundi, na Wanyarwanda nao wanataka lao. Mwaka mmoja ripoti ya mkaguzi ilisomwa yote. Walipofika katikati mvua ikashuka, bati la kanisa likapiga kelele, waliokaa nje wakalowa, watoto wakalia, na hakuna aliyesikia mwisho. Mwaka uliofuata wanachama wenyewe wakaomba, na wakapigia kura kwa furaha, kwamba isomwe ile fasi, yaani sehemu, ya maoni tu. Dondoo. Meneja atoe ukurasa mmoja, usomwe, watu wasimame kama wamekubali, waende kula. Tangu mvua ile tumesimama kila mwaka. Hakuna aliyefikiri kwamba tulikuwa tunampa mtu ruhusa ya kukata.

Mwaka huu katibu alisoma dondoo. Kwa maoni yetu hesabu zinaonyesha kwa haki, katika mambo yote makubwa, hali ya ushirika. Mkalimani akalipitisha. Watu wakasimama. Yaya naye alisimama, alikuwa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kanisa, akapiga makofi. Prezida akasema, "Mumesikia, depo yetu iko muzuri." Na karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa depo kwa gundi ili kila mtu aione.

Jioni nilipita nikasimama kuisoma. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu nilikuwa peke yangu kwenye kamati na nilitaka angalau nionekane nimesimama.

Nilivitafuta vile viungo. Kichwa kilikuwepo. Wanachama walikuwepo. Maoni yalikuwepo. Halafu chini ya maoni ilikuwa saini. Msingi haukuwepo. Majukumu hayakuwepo, si ya uongozi, si ya mkaguzi. Ilikuwa kama kumwona mtu mwenye kichwa na miguu, na kati yake hakuna kitu, na bado anakusalimia.

Nikasogea karibu. Ilikuwa kopi, siyo karatasi yenyewe. Kati ya maoni na saini palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu kutoka upande huu mpaka ule, kivuli kile ambacho mashine ya kopi huacha pale karatasi mbili zilipokutanishwa. Na kivuli kingine kifupi kilikuwa katikati ya sentensi ya maoni, penye nafasi nyeupe kubwa kuliko nafasi nyingine. Na kile kichwa "Maoni", kwa Kiingereza "Opinion", hakikuanza pembeni kama vichwa vingine. Kilikuwa kimesogea ndani, na kushoto kwake weupe mtupu. Kilikaa kama mtu kwenye benchi ambaye mwenzake alikuwa ameketi kando yake akaondoka sasa hivi, na benchi bado lina joto.

Ndege kaloli, wale wakubwa wenye kipara wanaokula takataka, walikuwa watatu juu ya paa la depo. Hawakutikisika. Na pale nimesimama, sikio langu karibu na mlango, nikasikia jambo jingine. Niseme vizuri, sikulisikia. Depo la mahindi halinyamazi. Panya wanakimbia, dumuzi wanatafuna, ukitega sikio unasikia kama mvua ndogo sana. Depo letu lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Paka wa mtunza depo, aliyekuwa analala humo mwaka mzima, alikuwa amejilaza barabarani, amekonda.

Kesho yake nikaenda kwa prezida. Alikuwa ameketi nje kwake, anakunywa chai ya maziwa.

"Prezida, ile raporo haina msingi wa maoni," nikasema. "Na majukumu hamuna."

"Ni dondoo, kaka. Muliomba dondoo."

"Dondoo inakata chini. Hii imekatwa katikati."

Akacheka, akamtazama meneja aliyekuwa kando yake na simu. "Sikia. Darasa la nne imekagua mukaguzi."

Meneja hakuinua macho. "Mzee, zile kurasa zingine ni maneno ya kawaida tu. Yanafanana kwenye kila ripoti duniani. Hakuna anayezisoma."

"Basi nipe nisizisome mimi."

"Ziko Mbarara," akasema. "Zinafungwa kitabu."

"Na panya wa depo nao wamefungwa kitabu?"

Prezida akaweka kikombe chini taratibu. "Kaka," akasema, "weye uko muntu wa kamati. Usianze kutembeza maneno katika batu. Batu benyewe biko na njaa. Muntu wa njaa akisikia neno mubaya anaweza kufanya bintu." Alisema kwa upole sana. Nimeyasikia maneno ya upole kama yale. Hutangulia mabaya.

Nilimwambia yaya tu. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Weye ulianza kuona mizimu," akasema. "Banakwambia imepita. Mukaguzi amesaini."

"Amesaini karatasi gani, yaya?"

Akatupa harage bovu pembeni. Halafu akasema, "Kama unakwenda Mbarara, niletee chumvi."

Nilikwenda. Pikipiki mpaka Kabingo, gari mpaka mjini. Kopi niliibandua mlangoni alfajiri, na nilipoibandua gundi ilitoka na rangi ya mlango, pakabaki alama ya mraba. Niliikunja ndani ya shati. Njia nzima niliisikia kifuani, ngumu, kama ina kitu ndani.

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi za saruji, giza. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hakuna ofisi, kwamba nitapanda na kukuta mlango umefungwa kwa miaka na jina lile ni la marehemu. Lakini mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na msichana wa ofisi, binti wa mwanajeshi, alizaliwa na kukulia kambi ya jeshi ya Makenke, ndivyo alivyoniambia baadaye. Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

"Mzee, wewe nataka nani?"

"Mukaguzi."

"Bosi iko na kazi mingi. Wewe iko na barua?"

Nikatoa ile kopi, nikaikunjua mezani. Akaiangalia kwa mazoea, kisha akaacha kuiangalia kwa mazoea. Akaweka kidole kwenye ule weupe kando ya kichwa cha maoni, akaupapasa kama mtu anayetafuta jino lililong'oka.

"Hii nani natengeneza?" akauliza.

"Ilikuwa kwenye mulango wa depo yetu."

"Hii iko na kichwa na miguu. Tumbo iko wapi?"

Sikuwa nimemwambia neno langu. Alilitoa mwenyewe.

Akaniambia anayoyajua kwa kazi, kwamba ripoti haitoki pale bila msingi wa maoni, haiwezi, bosi hawezi hata kuiweka saini. Na majukumu vile vile. Yeye ndiye anayezichapa. Akasema hata kama mkaguzi hana tatizo lolote, msingi lazima uwepo. Kisha akaingia ndani na ile karatasi, akafunga mlango, na nikasikia kiti kikisukumwa.

Mkaguzi ni mzee wa makamo, mwembamba, miwani. Alinitazama mimi kwanza kabla ya karatasi, kama anataka kujua mimi ni shida ya namna gani. Alisema kwa Kiingereza na kidogo Kinyankole, na binti akageuza kwa Kiswahili.

"Hii saini iko yake," binti akasema. "Lakini hii karatasi hapana yake. Anasema yeye hapana toa ripoti kama hii."

"Mwambie anionyeshe yake."

Walizungumza. "Anasema hapana weza kupa mtu tu karatasi ya mteja. Lakini ripoti inaandikiwa wanachama. Wewe kama mwanachama, tena kamati, iko na haki kudai yote kwa uongozi. Yeye ataandika barua leo kwa uongozi, kopi kwa afisa wa ushirika kule wilaya. Ataambia wao ondoa hii, weka yote."

"Mwambie kitu kimoja tu anijibu. Kando ya neno maoni, palikuwa na nini?"

Binti hakugeuza mara moja. Alimtazama bosi wake. Yule mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema maneno machache.

"Anasema," binti akasema, "hawezi kusoma kwako ripoti. Lakini anasema ripoti yake hapana safi. Iko na masharti, na kwa Kiingereza hiyo neno nakaa mbele ya maoni. Na sharti iko andikwa kwenye msingi, na ndani ya maoni yenyewe iko neno 'isipokuwa'. Nani ametoa hiyo neno, ametoa kwa kusudi."

Isipokuwa. Nikatazama ule weupe katikati ya sentensi. Sasa niliuona umejaa. Yote niliyokuwa nikiyaogopa yalikuwa yamekaa pale, chini ya kipande cha karatasi nyeupe kilichowekwa juu ya kioo cha mashine kwa muda wa mwanga mmoja kupita.

Niliomba maji. Binti akaniletea. Nilipokuwa nashuka ngazi nilikumbuka chumvi, nikanunua.

Barua ilifika kabla ya wiki kwisha. Afisa wa ushirika alikuja mwenyewe na ripoti nzima, akakaa kwenye benchi la kanisa pamoja nami na prezida na meneja, akatusomea. Ilikuwa ndefu, na mara hii mvua haikunyesha. Kwenye msingi wa maoni yenye masharti iliandikwa kwamba mkaguzi aliteuliwa baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, kwa hiyo hakuwepo mahindi yalipohesabiwa. Alipokuja, hakuweza kwa njia nyingine kujiridhisha kwamba mahindi yaliyoandikwa yapo. Safu za nyuma hazikufikika. Kwa hiyo hakuweza kujua kama hesabu ya mahindi ilipaswa kurekebishwa. Isipokuwa hilo, mengine ni sawa.

Safu za nyuma hazikufikika. Niliyaona maneno hayo kama ya mtu anayeandika kwa mkono mtulivu kando ya shimo.

Nikamwuliza afisa kwa nini mkaguzi hakukataa kabisa. Akaniambia hiyo ipo, mkaguzi anaweza kusema hatoi maoni yoyote, pale anapoona jambo asilolijua limeenea kwenye hesabu zote. Huyu aliona mashine ya kusaga, akaona mikopo, akaona benki. Kwake mahindi yalikuwa sehemu, siyo yote.

"Kwake," nikasema.

Afisa akakunja ripoti akasema tukafungue depo.

Mtunza depo hakuonekana siku ile. Funguo zilitoka mfukoni mwa koti la prezida. Alifungua mwenyewe, akasogea kando kwa adabu ili tupite, na nilipopita karibu naye niliona jasho limejaa juu ya mdomo wake, na jua halijawa kali bado. Mengine nimekwisha kuyasimulia.

Hivi ndivyo walivyofanya, na nasema bila kumung'unya maneno. Bei ilipopanda, malori yalikuja mchana, na sisi tuliyaona, tukaambiwa ni ziada inauzwa. Mtunza depo alitoa mahindi yetu. Magunia ya pumba yaliletwa kutoka kwenye mashine ya kusaga na ya vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, yakashonwa, yakapangwa nyuma. Meneja ndiye mwenye mashine ya kopi mezani kwake, hakuna mwingine Kashojwa nzima anayejua kuiwasha. Prezida ndiye aliyesimama mbele ya kanisa akasema depo liko vizuri. Hayo si mizimu. Hayo ni mikono ya watu watatu.

Na mkaguzi. Yeye aliandika kweli, siwezi kusema aliandika uongo. Aliandika kweli kwa lugha ambayo hatuisomi, akawapa wale wale aliokuwa na shaka nao wailete kwetu. Nimejaribu kutomchukia. Sijaweza vizuri.

Yaya hakulia. Alirudi na gunia lake likiwa limekunjwa vile vile, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku zilizofuata alianza kusema kuhusu kwetu, kuhusu shamba la mama, kuhusu mto. Kwa miaka yote hakuwa amelitaja shamba lile, kwa sababu tunajua kilichozikwa humo. Nikamwambia kule bado kubaya.

"Hapa njo kuzuri?" akaniuliza. "Kule nitalala njaa katika udongo wangu. Kuko mbegu. Udongo wa mama unajua kuotesha."

Nikamwambia angoje, kesi iko polisi Kabingo, mahindi yatalipwa.

"Banakata karatasi," akasema, "watashindwa kukata kesi?"

Aliondoka asubuhi moja na wanawake wengine wawili waliokuwa wanarudi. Gunia tupu alilichukua. Alisema atalijaza kule. Simu yake ililia siku za kwanza, halafu ikaanza kusema ile sauti ya mwanamke kwamba mtu huyu hapatikani. Wale wanawake wawili pia. Naipiga bado. Sauti ile haichoki, inasema vile vile, kwa upole, kama ile sentensi kwenye mlango. Mara nyingine jioni nikipita depo, ile alama ya mraba ipo bado pale nilipoibandua karatasi, mbao tupu zisizo na rangi, na nikiwa nimechoka naona kama kuna kitu kimeandikwa humo na sijui kukisoma.

Kaloli wameondoka. Depo tumelifagia. Ndani kuna mwangwi sasa, ukikohoa linakukohoa.

Mtunza depo wanasema ameonekana ng'ambo ya mpaka. Meneja ana kazi nyingine, mjini, anajua kompyuta. Prezida bado anakaa benchi la mbele kanisani, koti lake limepigwa pasi, na mkutano ujao ameomba ajenda iwe fupi kwa sababu ya jua.

Sasa nasema mimi, darasa la nne. Ripoti ile nzima ninayo. Sehemu nyingine waliyoikata kabisa, baada ya msingi, ni majukumu, na nimeisomewa mara nyingi mpaka naijua kwa moyo. Inasema uongozi ndio unaowajibika kuandaa hesabu za kweli, na kuweka ulinzi ili zisiwe na uongo, uwe wa bahati mbaya au wa kusudi. Imeandikwa uongozi. Haikuandikwa Mungu wala vita wala njaa. Ndiyo maana waliikata.

Mkutano ujao hatutasimama. Nitaileta ripoti yote, isomwe, ipite Kiswahili na Kirundi na kila lugha iliyomo humo, mvua inyeshe, jua liwake, watoto walie. Isomwe mbele ya depo, mlango ukiwa wazi ili wote waone ndani. Na tukifika pale penye majukumu, msomaji anyamaze. Prezida avue koti, asimame mahali ambapo yaya wangu alikuwa amesimama na gunia tupu, atuambie nani aliweka kile kipande cheupe juu ya kioo, na mahindi ya njano ya yaya wangu yaliuzwa kwa nani. Asimame aseme. Nitakuwa nimesimama mbele yake, na bambo mkononi.